Kolwezi: Dola inaposhuka na mpishi analazimika kupandisha bei

Mjini Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, mwezi wa kumi mwaka 2025 uliwakuta wauzaji wengi na shida ambayo hawakuizoea. Kwa miaka walikuwa wanawaeleza wateja kwamba bei inapanda kwa sababu dola imepanda. Safari hii dola ilianguka. Mwezi wa nane dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa karibu franga 2.850, na kufikia katikati ya mwezi wa kumi ilikuwa imeshuka chini ya franga 2.500. Wateja walifurahi, wakangoja bei za sokoni zishuke. Ni wakati huo huo ambapo wale wanaouza huduma kwa dola, hasa wapishi wanaolisha wafanyakazi wa kampuni ndogo zinazotumikia migodi, waligundua kwamba wanafanya kazi karibu bure.

Namna gani mtu anaweza kumwandikia mteja wa kila siku kwamba bei inapanda, wakati redio na mtaa mzima vinasema franga imepata nguvu? Jibu liko katika hesabu. Barua inakuja nyuma yake.

Chukua mfano wa mama mmoja mpishi wa mtaa wa Manika. Hesabu zilizo hapa ni za kuonyesha njia tu, na kila mpishi ataweka zake. Mama huyu anapeleka sahani 40 za mchana, siku 26 kwa mwezi, kwenye karakana moja inayotengeneza magari makubwa. Sahani ni bukari, sombe au mboga nyingine, na kipande cha tomsoni au nyama. Mkataba unasema dola 3 kwa sahani, na fakture inalipwa kwa dola. Mbali na hao, ana wateja wa mezani, watu wa ofisi na madereva wa wewa, wanaolipa franga 8.500 mkononi. Dola ilipokuwa 2.850, bei hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Hakuna aliyejali tofauti ya franga 50.

Sasa gharama za sahani moja. Makala, mboga za bustani, unga aliounua kwa franga, wewa wa kupeleka chakula na mishahara ya wasichana wawili wanaomsaidia: tuseme franga 5.000. Hizi hazikushuka dola iliposhuka. Muuza makala hajui habari ya Benki Kuu, na mfanyakazi analipwa kwa franga. Mshahara hauwezi kupungua, maana serikali yenyewe ilikuwa imetoka kupandisha mshahara wa chini mwaka huo huo hadi franga 14.500 kwa siku. Upande wa pili kuna vitu ambavyo duka linavipigia bei kwa dola: mafuta ya kupikia, samaki wa barafu, mchele kutoka nje, gazi. Tuseme vyote pamoja ni senti 80 za dola kwa sahani.

Wakati wa 2.850, dola 3 zilikuwa franga 8.550. Gharama za franga ni 5.000. Senti 80 ni franga 2.280. Jumla ni 7.280, na mama anabaki na franga 1.270 kwa kila sahani. Kwa sahani 1.040 za mwezi mzima, hiyo ni zaidi ya franga milioni moja na laki tatu. Kutoka hapo analipa nyumba, shule ya watoto, na masufuria yanapotoboka.

Tuseme kambisti sasa anampa 2.300. Dola 3 zimekuwa franga 6.900. Gharama za franga bado ni 5.000. Vitu vya dola vimeshuka hadi franga 1.840, na hilo ni jambo zuri. Jumla ya gharama ni 6.840. Mama anabaki na franga 60 kwa sahani. Kwa mwezi mzima anapata franga 62.400, na hajafanya kosa lolote. Chakula ni kile kile, wateja ni wale wale, fakture inalipwa.

Wengi wanapofika hapa wanaharakisha. Wanasema: sahani ilikuwa franga 8.550, basi nigawe kwa 2.300, nipate dola 3,72, niandike 3,75. Hesabu hiyo ina uongo ndani yake, na mtu wa idara ya manunuzi akiwa mwerevu ataugundua. Mafuta na samaki vimeshuka kwa franga. Mpishi anayetaka arudishiwe franga 8.550 zote anamlipisha mteja kwa kitu ambacho kwa kweli kimekuwa rahisi. Njia safi ni kuchukua gharama mpya, 6.840, kuongeza faida ya zamani, 1.270, na kupata franga 8.110. Gawa kwa 2.300: dola 3,53. Mama wa mfano wetu anaandika dola 3,50. Tofauti kati ya 3,50 na 3,75 inaonekana ndogo, lakini ni hiyo itakayomruhusu kusimama mbele ya mteja bila kugeuza macho.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu hii inaonyesha: tangazo haliwahusu wateja wote. Mtu anayekula mezani na kulipa franga 8.500 hana deni lolote. Sahani yake sasa inamgharimu mama franga 6.840 mahali pa 7.280, kwa hiyo mteja huyu anaacha faida zaidi kuliko zamani. Kumpelekea naye tangazo la kupanda bei ni kumkosea. Huyo ana haki hata ya kuuliza kama bei yake haiwezi kushuka kidogo. Mama anaweza kumpa 8.100, au kuacha 8.500 na kuongeza kipande cha samaki. Lakini akinyamaza huku akipandisha upande wa kampuni, siku moja fundi wa karakana atakuja kula mezani Jumapili na kuona bei, na maneno yataanza.

Lazima kutenganisha pia sababu ya kudumu na sababu ya kupita. Wakaaji wa Lualaba na Haut-Katanga wanakumbuka mwezi wa nane mwaka 2024, Zambia ilipofunga mpaka wake na Kongo, pamoja na Kasumbalesa, kwa siku chache baada ya Kinshasa kukataza vinywaji fulani kutoka nje. Bidhaa nyingi zinazoliwa Kolwezi zinapita njia hiyo. Mpishi aliyepandisha bei ya mkataba kwa ajili ya siku zile, na kuiacha juu baada ya mpaka kufunguliwa, alipoteza imani ya watu. Mambo ya siku chache yanastahili neno la mdomo: «Wiki hii tutawapa mchele mahali pa bukari, mtuvumilie.» Barua ni kwa mabadiliko yanayoonekana yatakaa miezi.

Upande wa mteja nao si rahisi, na mpishi anapaswa kuujua kabla ya kuandika. Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwa mji unaoishi kwa kobalti. Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi tangu Februari 22, na Oktoba 16 ndipo mfumo wa viwango kwa kila kampuni ulipochukua nafasi. Karakana, kampuni za usafiri na za ulinzi zinazoishi nyuma ya migodi zilibana matumizi. Bajeti zao ziko kwa dola. Kwa mkubwa wa manunuzi, kutoka dola 3 hadi 3,50 ni karibu asilimia 17 zaidi, bila kujali franga imefanya nini. Kwa sahani 1.040 ni dola 520 zaidi kila mwezi, na yeye ndiye atakayezieleza kwa bosi wake. Barua ya mpishi inapaswa kumpa maneno ya kueleza.

Ndiyo maana muda wa taarifa ni muhimu kuliko uzuri wa maneno. Kampuni nyingi zinatoa bon de komande mwanzoni mwa mwezi. Barua ikifika tarehe 10 ikisema bei mpya inaanza tarehe 15, inakuta bon imeshatiwa sahihi kwa bei ya zamani, na fakture ya mwisho wa mwezi itarudishwa kwa sababu haifanani na bon. Mpishi atangoja malipo miezi miwili kwa ajili ya senti 50. Afadhali mwezi mmoja kamili. Mama wa mfano wetu anapeleka barua Ijumaa Oktoba 31, na bei mpya inaanza Jumatatu Desemba 1. Mwezi wote wa Novemba anapika kwa dola 3. Anajua mwezi huo utamwachia zile franga 62.400 tu, na anakubali, maana ndiyo gharama ya kutompoteza mteja. Kama hana akiba ya kuvuka mwezi huo, ni bora aende kuongea uso kwa uso na kuomba wiki mbili, akieleza kwa nini, kuliko kuandika tarehe ambayo idara ya fedha haitaifuata. Na kama mkataba wenyewe unataja muda wa taarifa, ni huo unaoshika, hata ukiwa mrefu.

Sheria ya Julai 9, 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inamwachia muuzaji wa chakula kupanga bei yake. Haimpi ruhusa ya kuvunja bei aliyotia sahihi. Mkataba unaosema dola 3 hadi mwisho wa mwaka unabaki dola 3 mpaka pande zote mbili zitie sahihi karatasi nyingine. Barua katika hali hiyo inaomba, haitangazi.

Kosa linaloharibu mambo mara nyingi ni kuchanganya deni la zamani na bei mpya. Karakana ile ile labda haijalipa fakture ya mwezi wa nane: sahani 1.040, dola 3.120. Kama ingelipwa wakati wake, mama angepata franga 8.892.000. Ikilipwa kwa 2.300, atapata 7.176.000. Franga zaidi ya milioni moja na laki saba zimeyeyuka kwa kungoja, na uchungu wake ni mkubwa kuliko wa senti 50. Lakini ukiuweka ndani ya barua ya bei, barua inageuka mashtaka, na mkubwa wa manunuzi anaipeleka kwa mkubwa wa fedha, ambaye anaiweka chini ya mafaili mengine. Malipo ya kuchelewa yana barua yake, siku yake na mtu wake.

Barua ya kampuni mara nyingi inaandikwa kwa Kifaransa, lakini mpangilio wake ni mmoja kwa lugha yoyote. Kwa Kiswahili ya mama wetu ingesema hivi:

«Kolwezi, Oktoba 31, 2025. Kwa mkubwa wa idara ya manunuzi. Bwana, tunawajulisha kwamba kuanzia Desemba 1, 2025, bei ya sahani moja ya mchana itatoka dola 3 na kuwa dola 3,50. Sahani zote za mwezi wa Novemba zitabaki kwa dola 3, pamoja na bon ambazo mmeshatoa.

Mnatulipa kwa dola, lakini sehemu kubwa ya gharama zetu ni kwa franga: makala, mboga, unga, usafiri, mishahara. Hizo hazikushuka. Mwezi wa nane dola 3 zilitupa franga 8.550, leo zinatupa franga 6.900. Vitu tunavyonunua kwa dola, kama mafuta na samaki, vimeshuka, na tumevitoa katika hesabu. Bila hivyo tungewaomba dola 3,72.

Kiasi cha chakula, saa ya kufikisha na idadi ya siku za nyama havibadiliki. Kama dola itapita tena franga 2.700 kwa mwezi mzima, tutarudia hesabu pamoja nanyi na kushusha bei. Kama mnapendelea kulipa kwa franga, sahani itakuwa franga 8.100. Tuko tayari kuja kuongea siku yoyote kabla ya Novemba 15.

Tunawashukuru kwa kutuamini tangu mlipofungua karakana, na hasa kwa miezi ile ya mwanzo wa mwaka kazi ilipopungua, na bado hamkuacha kula kwetu.»

Bei na tarehe ziko mstari wa kwanza. Msomaji wa ofisi anatafuta mambo hayo mawili, na akiyakosa juu anaanza kudhani kuna kitu kimefichwa chini. Sababu ni moja, yenye namba mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakikisha kwa kambisti wa pembeni. Barua zinazotaja vita, barabara mbovu, umeme unaokatika, kodi na ukame kwa pamoja hazimsaidii mtu. Mambo hayo labda ni ya kweli, lakini yalikuwepo pia mwezi wa nane, wakati dola 3 zilitosha.

Ahadi ya kurudia hesabu inaogopesha wapishi wengi. Wanasema: nikiandika hivyo nimejifunga. Ni kweli, na kuna haja ya kujifunga. Dola ikirudi 2.850 na bei ikabaki 3,50, mama atapata franga 9.975 kwa sahani, na faida yake itapanda kutoka 1.270 hadi 2.695. Mteja ataona, na mpishi mwingine atakuja na dola 3 mkononi. Pendekezo la kulipa kwa franga lina faida hiyo hiyo kwa pande zote mbili: likikubaliwa, mabadiliko ya dola hayatalazimisha barua nyingine kila mara. Ubaya wake ni kwamba likikubaliwa na dola ikapanda sana, mafuta na samaki vitapanda, na mama ndiye atakayebeba. Kwa hiyo franga nazo zinahitaji siku ya kuzitazama upya, tuseme kila miezi mitatu.

Shukrani mwishoni ina kazi yake, lakini inafanya kazi tu kama inataja kitu kilichotokea. «Asante kwa uaminifu wenu» iko kwenye kila karatasi ya benki na ya simu. Kutaja miezi ambayo mteja mwenyewe alikuwa na shida na hakukimbia, hiyo haiwezi kunakiliwa kwa mtu mwingine. Na isiwe na «tunaomba msamaha kwa usumbufu». Mpishi hajakosa. Akiomba msamaha kwa bei iliyo ya haki, mteja atamwomba punguzo kama fidia.

Wafanyakazi 40 wanaokula hawasomi barua ya manunuzi, na wao ndio watakaosikia kwanza uvumi. Kama kampuni inawakata sehemu ya chakula kwenye mshahara, bosi wao ndiye wa kuwaambia, na mama asimtangulie. Baada ya hapo ujumbe mfupi kwenye kundi la simu unatosha, kwa maneno ya nyumbani: «Ba papa na ba mama, jambo. Kuanzia Desemba 1 kampuni yenu na sisi tumepatana bei mpya ya sahani. Bukari ni ile ile, samaki ni ile ile. Mwenye ulizo aniite, niko. Asanteni kwa kula kwetu, na kwa masufuria yanayorudi safi.»

Jibu litakuja, na mara nyingi ni hili: «Mama, franga imepanda, vitu vimeshuka, na wewe unapandisha?» Hapo namba za mboga na makala ndizo zinazojibu. Mama anayeandika kila siku katika daftari bei aliyonunulia gunia la makala na fungu la sombe atafungua kurasa mbili, ya mwezi wa nane na ya mwezi wa kumi, na mteja atasoma mwenyewe. Asiyekuwa na daftari atabaki kuapa. Na kama daftari linaonyesha kwamba makala kweli yameshuka, basi hesabu inarudiwa kabla ya barua kutoka, na huenda 3,50 ikawa 3,40.

Wapo wanaochagua kutosema kitu. Wanaacha dola 3 na kupunguza kipande cha samaki, au wanaongeza maji kwenye mboga. Inaonekana wiki ya pili. Dalili ya kwanza ni sahani zinazorudi zimebaki na bukari bila mboga, kisha idadi inashuka kutoka 40 hadi 36, hadi 31, na hakuna anayeeleza kwa nini. Kampuni haijavunja mkataba, watu tu wameanza kununua mikate mlangoni.

Barua inapelekwa kwa mkono, nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inarudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Bila nakala hiyo, Desemba 31 fakture ya dola 3,50 itakutana na mtu mpya wa manunuzi ambaye atasema hajawahi kuona barua yoyote. Mama wa Manika anaikunja nakala yake katika daftari, kwenye ukurasa wa bei za makala, na Jumatatu anawasha moto saa kumi na moja asubuhi kwa sahani 40 za dola 3.